Mstari Uliofunikwa na Mwanga wa Kamera

Pétronille alikuwa mtu wa maneno mia tatu. Hapo Bunia, kwenye departema ya afya ya jamii, utafiti wa mtu unaweza kuwa na kurasa mia mbili, lakini ukifika mezani kwake unatoka maneno mia tatu, hakuna zaidi. Swali, njia, matokeo, maana, mipaka. Vipande vitano, Kiswahili upande mmoja wa karatasi, Kifaransa upande wa pili. Miaka sita alitengeneza na mihtasari hiyo buletini ya departema ya kila mwezi, na wauguzi wa vituo vya afya waliibandika kwenye milango ya vyumba vya chanjo. Wengine walimwona mjeuri kwa sababu alikuwa anakata sentensi za maprofesa bila kuwaomba ruhusa. Kweli alikuwa mjeuri. Alizaliwa Kpandroma, kwenye baridi ya mlimani, kwa watu wasiopenda maneno mengi.

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa état de siège. Wanajeshi ndio walioongoza jimbo, na barabara za Djugu zilifungwa leo, zikafunguliwa kesho, zikafungwa tena. Watu waliokimbia vijiji walilala chini ya mahema pembeni ya mji, na kati yao surua ilikuwa imeanza kusikika. Félicien, muuguzi mtafiti wa departema, alienda kwenye kambi nne kuhesabu watoto waliochanjwa. Akatengeneza bango la matokeo, akaenda nalo kwenye mkutano wa wanasayansi Kisangani, akalisimamia siku mbili akiwaeleza wapita njia. Wakati wa kurudi, gari alimopanda lilipigwa risasi barabarani na kuchomwa. Félicien alikufa hapo. Bango liliungua ndani ya bomba la kulibebea, na kompyuta yake ya kazi pia.

Kilichobaki cha bango ni picha moja tu. Lionel, mwenzake, alikuwa ameipiga ukumbini kwa telefone.

"Shefu anataka ikuwe kwenye buletini ya mwezi huu," Lionel alimwambia Pétronille akimtumia picha hiyo. "Mama Angèle ataisoma siku ya kumaliza matanga."

Mama Angèle ni mjane wa Félicien, muuza maharagwe wa soko kuu. Pétronille alifungua picha, akaikuza, na herufi zikageuka ukungu.

"Weye umenitumia kwa WhatsApp kama picha ya harusi," alisema. "Inabanwa, yote inapotea. Nitumie kama document, ile yenyewe ya kwanza."

Lionel akatuma tena. Sasa herufi zilisomeka, isipokuwa sehemu moja. Bango lilikuwa la plastiki inayong'aa, na flash ilipiga katikati ya jedwali. Mstari wa nne wote ulikuwa doa jeupe. Mwanga ukishachoma picha namna hiyo, hata ukuze mpaka kesho hakuna kitu cha kurudisha.

Ilikuwa Jumatatu saa nne za asubuhi. Ijumaa kulikuwa na mkutano wa eneo la afya wa kugawa dozi za chanjo ya surua, chache, na daktari wa eneo alikuwa ameahidi kuja na buletini mkononi. Kambi zenye hali mbaya ndizo zingepewa kwanza. Pétronille alilijua hilo.

Yeye hakuanza kusoma bango kwa hitimisho, hata siku moja. Hitimisho ni mahali ambapo mtu anasema anachotaka. Alianza na njia: watoto wote wa miezi sita mpaka hamsini na tisa kwenye kambi nne, kila mmoja amehesabiwa, hakuna aliyechaguliwa kwa bahati. Akaandika hiyo pembeni. Halafu jedwali. Kambi ya kwanza, watoto 60, waliochanjwa 51, asilimia 85. Ya pili, 50 na 39, asilimia 78. Ya tatu, 70 na 49, asilimia 70. Ya nne, doa. Chini kabisa, jumla: watoto 400, waliochanjwa 201, asilimia 65.

Ramani ya kambi iliyokuwa kwenye bango aliiacha. Wakati wa vita huchapishi ramani inayoonyesha watu wamelala wapi.

Doa halikumtisha sana, maana kutoa anajua. Mia nne ukitoa mia moja themanini, zinabaki 220. Mia mbili na moja ukitoa mia moja thelathini na tisa, zinabaki 62. Kambi ya nne, basi, ina watoto 220 na waliochanjwa ni 62. Akabonyeza mashine ya hesabu. Asilimia 28.

Kwa kambi kubwa namna hiyo, jumla ya 65 ilikuwa juu mno. Akarudi kwenye mstari wa jumla, akagawa 201 kwa 400. Ikatoka 50. Bango lilisema 65. Akarudia mara tatu, kila mara 50. Mwishowe akajaribu kitu kingine: akajumlisha zile asilimia nne, 85, 78, 70 na 28, akagawa kwa nne. Ikatoka 65.

Kumbe mtu alichukua wastani wa asilimia, kana kwamba kambi ya watoto hamsini na kambi ya watoto mia mbili na ishirini ni sawasawa. Kambi kubwa kuliko zote, iliyo mbaya kuliko zote, ilihesabiwa kama robo tu, na zile ndogo tatu zikaificha. Ukisoma 65 unasema si nzuri lakini wanajikokota. Ukisoma 50, na ukaona 28 iko wapi, huwezi kukaa.

Alipiga simu kwa Débora, muuguzi aliyehesabu pamoja na Félicien. Simu ilikatika mara nne. Mara ya tano Débora alikuwa amepanda kwenye kilima kutafuta mtandao.

"Niko na karatasi za kuhesabia hapa," Débora alisema. "Kambi ya nne... ngoja. Mia mbili na makumi mbili. Wenye chanjo, makumi sita na mbili. Tulihesabu mara mbili sababu Félicien hakuamini."

Basi doa limesomeka. Pétronille aliandika muhtasari wake, na kwenye matokeo akaweka hivi: bango linatoa asilimia 65 kwa jumla, namba za jedwali lenyewe zinatoa 201 kati ya 400, yaani asilimia 50, mstari wa kambi ya nne hausomeki kwenye picha, umepatikana kwa kutoa na kuhakikishwa kwa karatasi za kambini. Hakufuta neno la marehemu na hakumsahihisha kimyakimya. Mwenye kufupisha hana haki ya kubadilisha matokeo ya mtu, lakini hana haki pia ya kunakili kosa akiliona. Maneno yalikuwa mia mbili tisini na nne. Akapeleka kwa shefu wa departema, Profesa Honoré, ambaye jina lake lilikuwa la pili kwenye bango.

Profesa alisoma amesimama. Akaisoma tena amekaa.

"Pétronille, mutu amekufa," alisema. "Unataka bibi yake asome mbele ya watu kwamba bwana yake hakujua hesabu?"

"Sikuandika hivyo, Prof."

"Ndivyo watasoma. Weka 65 kama alivyoandika, na ya kambi ya nne useme haisomeki. Ni kweli, haisomeki."

"Na dozi za Ijumaa?"

"Iache hapa. Nitafikiri."

Akaitia kwenye droo. Pétronille alitoka akiwa na hasira mpaka machozi, na hasira yake kubwa ilikuwa juu yake mwenyewe, kwamba aliondoka akiacha karatasi nyuma. Jumanne alirudi kuuliza. Jumatano pia. "Bado," profesa alisema bila kuinua macho. Alhamisi milio ya risasi ilisikika upande wa kaskazini na ofisi zikafungwa. Ijumaa mkutano ulifanyika bila buletini, na dozi zikagawanywa nusu tu. Zingine ziliwekwa kwenye friji ya chanjo mpaka wiki ifuatayo, kungoja namba. Pétronille angeweza kumpigia daktari wa eneo mwenyewe. Alishika telefone mara mbili. Lakini kumruka shefu ni kupoteza kazi, na kazi hiyo ililisha watu saba nyumbani kwake mtaa wa Mbunya. Aliiweka telefone chini.

Jumamosi asubuhi Mama Angèle alikuja departema kuchukua karatasi yake ya kusoma kwenye matanga. Alivaa kitambaa cheusi kichwani na vumbi la maharagwe lilikuwa bado kwenye vidole. Profesa alimpa pole, akamwambia buletini imechelewa kidogo.

"Niko naiona hapo," Angèle alisema, maana droo ilikuwa wazi. "Nisomeeni tu. Mimi sitaki ya kuchapwa."

Profesa hakusogea. Pétronille ndiye aliyeichukua na kusoma mpaka mwisho, pamoja na 65 na 50. Angèle alisikiliza macho chini. Hizo asilimia hakuzijali. Alichoshika ni kambi ya nne.

"Mia mbili na makumi mbili, utoe makumi sita na mbili," alisema, kwa haraka ya mtu anayepima vikombe kila siku. "Batoto mia moja makumi tano na nane hawana chanjo. Sasa mbona hamukuandika hiyo? Félicien hakuhesabu asilimia. Alihesabu batoto kwa kidole, mumoja mumoja, mpaka jua likamuchoma." Akamwangalia profesa. "Alikosea wapi?"

Profesa Honoré alivua miwani.

"Hakukosea," alisema. "Alinitumia jedwali bila jumla, usiku wa mwisho wa kutuma bango. Mstari wa chini niliujaza mimi. Nilikuwa na haraka."

Angèle hakumtukana wala hakulia. Alisema tu, "Basi muandike," na akakaa kwenye kiti akingoja iandikwe.

Pétronille alikata maneno kumi ya njia ili apate nafasi. Watoto 158 wa kambi ya nne hawajachanjwa: hiyo ikawa sentensi ya kwanza ya matokeo. Kwenye mipaka, profesa aliandika kwa mkono wake kwamba kosa la jumla ni la mwandishi wa pili. Buletini ilitoka mchana huohuo, na kabla ya jioni daktari wa eneo alikuwa amepiga simu. Jumatatu friji ilifunguliwa na timu ikaenda kambi ya nne, Débora akiwa mbele.

Kwenye matanga Mama Angèle aliisoma yote, polepole, na watu walisikiliza kama neno la Mungu.

Mwezi uliofuata Pétronille aliandika muhtasari mwingine, mfupi kuliko yote aliyowahi kuandika, kutoka kwenye ripoti ya Débora. Kambi ya nne, watoto waliokuwa wakisubiri chanjo: 158. Waliochanjwa Jumatatu ile: 157. Chini yake alitakiwa kuandika sababu ya tofauti. Alimpigia Débora kuuliza kama ni kosa la kuhesabu, na alikuwa anatamani liwe kosa.

"Si kosa," Débora alisema. "Ni mutoto wa kike wa miezi kumi na moja. Surua ilimukamata Jumatano ile, akatutoka Jumapili asubuhi, siku moja mbele tufike."

Jumatano ile karatasi ilikuwa kwenye droo. Hata dozi ya siku hiyo ingeweza kuwa imechelewa kwake, hakuna mtu wa kujua, na Pétronille hakujipa hiyo kama faraja. Aliandika sababu kwa maneno manne, akahesabu, akaipeleka kuchapwa bila kupitia kwa mtu yeyote.