Mbuzi Hawahesabiwi

Mwalimu wa hesabu alitutuma tukatafute jinsi lugha za kwetu zinavyounda namba. Nikaenda Gotu kwa nyanya, Mturkana aliyenilea tangu tumzike mama, na kwa ujinga wangu nikawasha simu nimrekodi akihesabu mbuzi wake.

Akanipiga mkono. "Unataka wafe?"

Nilikuwa nimesahau mwiko. Nikamwekea punje za mahindi, naye akahesabu kwa hasira, bila kuniangalia: tano ni akan, sita ni akan kapei, yaani tano na moja, hivyo hivyo mpaka tisa, tano na nne. Kumi ndiyo ikapata jina lake, atomon. Ishirini, makumi mawili.

Nikabisha. "Sasa mbuzi akipotea utajuaje?"

"Kwani wewe ulihesabu ndio ukajua mamako hayupo?"