Miguu, Mkojo na Neno "Dozi"

Mume wangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza moja la Kariakoo. Presha aligunduliwa nayo alipokwenda kung'oa jino. Haumwi kichwa, haoni kizunguzungu, ndiyo maana hakuamini.

Daktari, binti mdogo, alitueleza vizuri. "Baba, unaweza kuanza na amlodipine au hydrochlorothiazide. Zote zinashusha presha. Ya kwanza inalegeza mishipa, ila inaweza kukuvimbisha vifundo vya miguu. Ya pili inatoa chumvi na maji, kwa hiyo utakojoa zaidi, hasa mwanzoni. Yoyote utakayoanza ni ya kila siku. Ikikusumbua rudi tubadilishe, usiache tu."

Mume wangu akachagua ya kwanza kwa sababu ya udhu. Mtu wa msikitini hataki dawa ya kumpeleka chooni kila mara.

Presha ikashuka, miguu ikavimba. Jioni akibonyeza kifundo, kidole kinaacha shimo. Mafundi wenzake, mabingwa wa kila kitu, wakamwambia figo zimekwisha. Nikamsihi turudi hospitali.

"Miguu yangu au yako?" akanijibu.

Akaenda duka la dawa, akaomba "dawa ya maji", akapewa ile hydrochlorothiazide, na amlodipine akaitupa. Uvimbe ulipokwisha akatamba kwamba maji yamekauka. Kumbe miguu ilipona kwa sababu ameacha ile ya kwanza. Dawa ya mkojo haisaidii sana uvimbe wa namna hiyo. Hayo niliyajua baadaye, yalipokuwa hayana faida.

Sasa ikawa mkojo. Anameza asubuhi, anaacha suruali ya mtu chini ya sindano, anakimbilia choo cha msikiti, akirudi mteja keshahamia kwa fundi mwingine. Adhuhuri anatia udhu, kabla ya kukimiwa swala kibofu kimembana. Nikamwambia avumilie, itatulia. Ijumaa akawa hamezi. Kazi ikiwa nyingi, hamezi. Siku moja akapimwa presha, ikasoma vizuri, akarudi nyumbani anacheka.

"Mama, dozi imeisha. Nimepona."

Neno hilo ndilo lililotumaliza. Dozi ya malaria huisha, ya presha haina mwisho. Nilimwambia, nikagombana naye, nikalia. Sikio la kufa halisikii dawa. Nina hasira naye mpaka leo, na hasira hiyo sina pa kuipeleka, maana mtu mwenyewe ndiye ninayemlisha uji.

Kiharusi kilimkuta akimpima mteja kiuno. Kilichukua upande wote wa kulia, kikachukua na maneno.

Sasa anameza zote mbili kila asubuhi, ninamwekea mdomoni kwa mkono wangu. Kliniki tulimkuta daktari yule yule. Akafungua faili, akauliza kama wanavyoulizwa wagonjwa wote: miguu inavimba? Mkojo unamsumbua? Dawa zinamkubali?

Mume wangu akamtazama, mdomo ukacheza, hakikutoka kitu.

"Halalamiki," nikasema.