Dawa ya Kichwa ya Mama

Mama yangu alikuwa na presha na kipandauso kwa pamoja, na Kiswahili chake hakikufika mbali, kwa hiyo kliniki pale Mpanda mimi ndiye niliyemtafsiria kwa Kikonongo. Foleni ya tangu asubuhi ilikuwa imenitia hasira.

Daktari alieleza taratibu. Kidonge alichomwandikia mama kinapunguza kasi ya moyo, presha inashuka. Tena kinatuliza ubongo unaoshtuka upesi, kipandauso kisije mara kwa mara.

"Ni kinga," alisema. "Hakitulizi maumivu yaliyokwisha kuanza. Ameze kila siku hata akijisikia mzima, na asiache ghafla. Kichwa kitachukua wiki kadhaa kupata nafuu."

Nikamgeukia mama nikasema, "Ni dawa ya kichwa."

Basi, hayo tu.

Kwetu Kasokola dawa ya kichwa humezwa kichwa kikiuma. Kikiuma alimeza, kikipoa aliacha na kumshukuru Mungu. Alipolalamika kwamba dawa haina nguvu, nilimjibu kwa ukali kwamba anadeka.

Alianguka akipalilia mahindi, na upande wake wa kulia ukapooza. Nilipopekua sanduku lake kutafuta kadi ya kliniki, nilikuta vidonge karibu vyote, amevifunga vizuri kwenye pindo la kanga.

Sasa mama hawezi kusema hata Kikonongo. Ananitazama tu, na safari hii sina cha kutafsiri.