Sauti Iliyobaki Ndani ya Diski

Nilikuwa fundi wa kompyuta wa mradi wa afya, Karagwe. Muuguzi wetu wa Nkwenda alikuja ofisini na laputopu ya kazi iliyopigwa na radi. Alikuwa mkubwa kwangu, nami nilimwita dada.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Humu mna video za mwanangu. Simu ilijaa, nikazihamishia huku."

Binti yake alikuwa amefariki miezi michache kabla, kwa homa. Nami nilikuwa miongoni mwa waliomzika.

Bodi kuu ilikuwa imeungua, lakini diski ilikuwa nzima. Nikaweka bodi nyingine, nikawasha. Skrini ikataka ufunguo wa kurejesha, ile namba ndefu ya siri. Kwa sababu ya taarifa za wagonjwa, laputopu zetu zote zilisimbwa diski nzima, yaani kila kilichomo kiligeuzwa msimbo usiosomeka bila ufunguo. Chipu iliyokuwa ikiifungua kimyakimya kila asubuhi ilikufa pamoja na bodi ya zamani.

"Usijali," nikamwambia. "Makao makuu wanazo funguo zote za akiba."

Nikapiga simu, nikaiweka spika. Akapokea mkuu wa mifumo.

"Orodha ya funguo tunayo, ila nayo imesimbwa. Ufunguo wake mkuu ulikaa ndani ya kile kifaa maalumu cha kutunzia funguo. Wakati wa kuhama ofisi, mafundi walifungua kasha lake. Kikadhani kinaibiwa, kikajifuta. Ndivyo kilivyoundwa."

"Na nakala?"

"Iligawanywa kwenye kadi tatu, na lazima zikutane mbili. Ninayo moja. Nyingine iliharibika. Ya tatu alikuwa nayo mwenzetu aliyefariki. Tumepekua hadi nyumbani kwake."

Muuguzi alikuwa amesikia kila neno.

"Kubahatisha je?"

"Dada, hata kompyuta zote za dunia zikikesha, hazitaupata."

Akaweka kiganja juu ya diski niliyokuwa nimeitoa.

"Kwa hiyo yumo humu?"

"Yumo. Hakuna kilichofutika."

Hapo ndipo alipolia. Nadhani ningemwambia diski imeungua, asingeumia kiasi kile. Nilitoka nje nikasimama kwenye kibaraza.

Utaratibu ulitaka diski ifutwe itumike tena. Nikaomba apewe. Wakubwa wakakubali, kwani bila ufunguo hakuna ambaye angeweza kusoma humo jina la mgonjwa hata mmoja. Akaifunga kwenye kitenge, akapanda bodaboda kurudi Nkwenda.

Mwaka jana nilipita kwake. Alinikaribisha ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, tukaongea habari za mvua na kahawa. Aliponisindikiza barabarani alisema, "Sura yake naiona vizuri tu. Ila sauti, mdogo wangu, imeanza kunitoka. Juzi nilijaribu kuikumbuka akiniita, nikasikia sauti ya huyu mdogo wake aliyebaki."

Nilimshika mkono. Tukasimama hivyo mpaka bodaboda ikaja.