Sanduku la Posta la Mnyapara

Kiwanda cha nyuzi kilipofungwa, wafanyakazi walipewa mkono wa kwaheri, na mkono wenyewe ulikuwa mtupu. Fundi wa mitambo, aliyeitwa Spindo hata na mkewe, alijiona mwenye bahati. Mnyapara wake alifungua duka la vifaa vya ujenzi akamweka mlinzi wa getini. Kwa miaka kumi na minane Spindo alisimama pale kwa mshahara wa kununua unga, akimsifu mnyapara kwa kila mpita njia.

Sasa ana miaka sitini na tisa, na magoti yameanza kumjibu vibaya. Bintiye alikuta hati za mshahara za zamani zikiwa zimefunika kopo la misumari.

“Baba, hapa walikukata akiba ya uzeeni. Kila mwezi.”

“Kiwanda kilikufa, mwanangu. Maiti hailipi.”

“Kiwanda kimekufa, mfuko wa akiba je?”

Mfuko ulikuwa hai. Ulipokosa mwajiri, ulihamishiwa kampuni ya bima, ghorofa ya tatu, kwenye viti vya plastiki. Spindo alipofika huko, karani mwenye miwani aliingiza namba ya uanachama, akalinganisha jina na kitambulisho, akamgeuzia uso.

“Mzee, upo. Tumekuandikia barua nne. Ya mwisho ilikuwa ya rejista, ikapokelewa kwa saini.”

“Saini ya nani?”

Karani akamsomea. Ilikuwa ya mnyapara.

Hapo ndipo pa kueleza. Enzi zile kiwandani mwenye sanduku la posta alikuwa mmoja tu, na fomu zote za uanachama zilijazwa sanduku lake. Hakuna aliyeona ubaya. Mtu hukabidhi hata mtoto kwa mnyapara, seuze barua.

Spindo alikwenda dukani moja kwa moja.

“Barua zangu ziko wapi, kaka?”

Mnyapara hakubisha. Alifungua droo, akazitoa, zimefungwa kwa mpira. “Sijagusa senti yako. Haki ya Mungu.”

“Najua. Ulinigusa mimi.”

“Ningekupa, ungeondoka. Mlinzi kama wewe ningempata wapi kwa ule mshahara?” Alisema kama mtu anayetoa sifa, na kwa kweli zilikuwa sifa.

Spindo alizichukua barua zake. Spindo alikuwa amemwombea mtu huyu kila Ijumaa, kwa jina.

Kesho yake alirudi ghorofa ya tatu na kitambulisho, hati za mshahara, namba ya akaunti ya benki, na barua zile nne.

“Hizi za nini?” karani akauliza. “Rekodi tunazo.”

“Nilitaka mjue kwamba sasa zimenifikia.”

Karani akazisukuma pembeni, kwa upole, akafungua ukurasa wa anwani.

“Zamani uliandika sanduku la mtu. Sasa tuandike lipi?”

Spindo alitoa simu mfukoni.

“Andika simu yangu,” akasema. “Na mkinikosa, nitakuja mwenyewe.”