Sisimizi Mkononi

Kwa miezi mitano nilimdanganya mzee wa watu, na nilimdanganya kwa adabu kabisa.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Mimi naishi Crescent Town, upande wa mashariki wa Toronto, na bibi niliyekuwa namtunza alikaa magharibi, mtaa wenye maduka ya mikate na soseji za Kipolandi. Kila asubuhi nilivuka mji mzima kwa treni ya chini kwa chini. Bibi alikuwa na miaka themanini na sita. Kiingereza alichokizungumza tangu ujana wake hapa kilikuwa kinamtoka kidogo kidogo, kama rangi ya kanga inayofuliwa kila wiki. Kilichobaki kilikuwa Kipolandi, lugha aliyozaliwa nayo. Akili yake ilikuwa timamu, tena kali.

Siku niliyoajiriwa, binti yake alinishika bega akauliza, "Mtaelewana lakini?" Binti huyo anafanya kazi kutwa, anarudi jioni amechoka hoi, na macho yake yalikuwa yananiomba nikubali. Nikasema, "Tutaelewana."

Siku hiyohiyo nilifanya kosa la kwanza. Bibi alikuja mlangoni, nami kwa heshima zote nikamnyooshea mkono kabla sijaingia, kama ninavyomwamkia mzee yeyote. Akarudisha wake nyuma kana kwamba nimemnyooshea kisu. Akaninong'oneza kwa ukali, akanivuta ndani kwa mkono wa koti, ndipo akanipa mkono na kutabasamu. Binti yake akacheka, akanieleza kwamba kwao hawapeani mkono juu ya kizingiti, ni mkosi. Neno nililobaki nalo siku hiyo lilikuwa *ręka*, yaani mkono. Lilikuwa neno langu la kwanza, nikalitunza.

La pili lilikuwa *tak*, ndiyo. Hilo ndilo lililoniponza. Mimi nimekulia Korogwe, kwenye nyumba ambayo mzee akisema, unaitikia. Humkatizi, humwambii rudia, na kamwe humwambii mtu mzima kwamba maneno yake hayaeleweki. Basi bibi akinisemesha, najibu, "*Tak, proszę pani*," ndiyo mama, huku nimeinamisha kichwa. Alisimulia, nikaitikia. Alilalamika, nikaitikia. Kuna siku alilia akiwa ameshika picha ya mtu mwenye kofia, na hapo pia nikaitikia. Jioni alimwambia binti yake kwamba mimi ni msikivu, na binti yake akaniongezea siku ya tano ya kazi.

Ndipo hofu ikaanza kunikaa. Nikiwa kwenye treni nilijiuliza, siku akiniambia kifua kinambana, nitaitikia tak? Nikimsikia anakohoa jikoni, namkimbilia. Kila sentensi yake ndefu ilinitia woga, kwa sababu sikujua kama ni habari za mvua au ni habari za kifo. Lakini kwenda kumwambia binti yake, "Simwelewi mama yako," wakati nimeshakula mshahara wa miezi, hilo nalo nililiogopa. Nina mtoto wa kike wa miaka kumi na mbili, na kazi ni hiyo moja.

Nikajiandikisha darasa la wanaoanza, kila Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa moja la Wapolandi. Tulikuwa wachache, wengi wao wakwe na wachumba wa Wapolandi. Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sweta la kijani, hana utani mwingi. Alituambia kila mmoja achague nomino moja kutoka nyumbani kwake, aibebe wiki hadi wiki katika hali zake zote saba, yaani maumbo ambayo neno huchukua kulingana na kazi yake kwenye sentensi. Mwenzangu mmoja alichagua mbwa. Mimi nikachagua *ręka*.

Mwalimu akanitazama. "Umechagua lenye vituko," akasema. "Lakini sawa."

Nilidhani ananitisha tu. Sisi Waswahili neno tunalibadilisha kichwani: mkono, mikono. Masikio yangu yamezoea kusikiliza mwanzo wa neno na kupumzika mwishoni. Wapolandi wao wameficha mambo yote mkiani. *To jest ręka*, huu ni mkono. Ukiuosha, *myję rękę*, mkia unageuka. Usipouona, *nie widzę ręki*, unageuka tena, maana kitu kikikanushwa huwa hakibaki kama kilivyokuwa. Ukiupunga, *macham ręką*, na hapo sauti inatokea puani. Niliandika mikia hiyo kwenye karatasi nikaibandika kwenye friji. Mwanangu aliisoma kwa sauti akipaka siagi mkate, akaipata vizuri kuliko mimi. Nilikasirika kidogo, sitaficha.

Ijumaa moja mchana, theluji ikiwa imeganda madirishani, bibi alikuwa amekaa jikoni anakunywa supu. Akaweka kijiko chini. Akaanza kujisugua mkono wa kulia kwenye sketi, akaniambia jambo, sauti ya kawaida tu. Nikasema, "*Tak, proszę pani*." Akarudia, polepole zaidi, akinitazama. Nikasikiliza mwanzo wa kila neno kama mjinga, sikusikia *ręka* popote. Nikaona anajisugua, nikasema baridi hiyo. Nikamletea glavu ya sufu, nikamvalisha, nikampigapiga mkono kwa upendo. Aliniangalia kwa muda, kisha akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto akaendelea kula. Baada ya robo saa aliivua glavu na mkono ukawa unafanya kazi vizuri. Jioni nilimkabidhi kwa binti yake, nikasema leo bibi ameshinda salama.

Kesho yake darasani mwalimu alifika kwenye hali ya mahali. Akaandika ubaoni *w ręce*, akasema: ndani ya mkono. Ile k ilikuwa imetoweka. Mahali pake ilikaa c, inayotamkwa kama "ts", "rentse". Hicho ndicho kituko alichonionya.

Nilifurahi kwanza, kwa sababu hilo tunalo. Sisi tunasema mkononi. Ndiyo hali pekee ambayo na sisi tunaitia mkia, na niliielewa kabla hajamaliza kueleza. Kisha nikaikumbuka ile sauti. Rentse. Nilikuwa nimeisikia jana yake, mara mbili, juu ya bakuli la supu.

Nikanyoosha kidole. "Mwalimu, kama mtu akisema... *mrówki*... *chodzą*... *po ręce*?"

"*Mrówki chodzą mi po ręce*," akanisahihisha. "Sisimizi wananitembea mkononi. Tunasema hivyo kiungo kikifa ganzi. Nani amekwambia?"

"Bibi ninayemtunza."

"Mkono mmoja au yote miwili?"

"Mmoja. Wa kulia."

"Ana umri gani?" Alikuwa ameshaweka chaki chini. "Na ulifanya nini?"

Sikuweza kumjibu kwamba nilimvalisha glavu. Nilichukua koti nikapanda ngazi mbiombio, na pale juu, kwenye baraza ya kanisa, nikasimama na simu mkononi. Natamani ningeandika kwamba nilipiga papo hapo. Sikupiga. Nilisimama kwenye baridi ile nikipanga uongo. Nimwambie kwamba bibi aliniambia akanikataza kusema? Nimwambie nimekumbuka sasa hivi kwa bahati? Nilimpigia mwanangu badala yake, mtu mzima mimi, nikamweleza kila kitu.

"Mama, just call her," akasema. "Sasa hivi. Mbona unaniambia mimi?"

Nikapiga. Binti wa bibi alipopokea nikasema bila kuvuta pumzi: "Jana mchana mama yako alikufa ganzi mkono wa kulia, kama robo saa. Aliniambia. Sikumwelewa. Huwa simwelewi, tangu mwanzo. Naitikia tu. Mpeleke hospitali sasa, tafadhali."

Nilisikia maji yanachuruzika kwenye sinki upande wa pili.

"Tangu mwanzo?" akauliza.

"Tangu mwanzo."

Akakata simu.

Nilikaa kwenye ngazi za kanisa mpaka wenzangu wakatoka darasani. Nimewahi kuogopa maishani, lakini woga wa siku ile ulikuwa na ladha, ladha ya chuma ulimini. Nilimwona bibi na kijiko katika mkono wa kushoto. Alikuwa ameniambia. Alisema mara mbili kwa mtu aliyedhani anasikia, na mtu huyo akampa glavu.

Alasiri binti yake alinitumia ujumbe. Ilikuwa kiharusi kidogo, kile kinachopita chenyewe na kuonya kwamba kikubwa kinaweza kufuata. Wamemlaza, wameanza dawa. Daktari amesema wamefika kwa wakati. Chini aliongeza: Jumatatu usije. Basi, nikajua yamekwisha.

Siku nane nilishinda nyumbani. Nilitafuta kazi nyingine huku nikiruka kila simu ikilia, nikiogopa kuambiwa kile kikubwa kimekuja. Mwanangu alinipikia uji akanitaka niache kuitazama ile karatasi kwenye friji. Siku ya tisa binti wa bibi akapiga. Sauti yake haikuwa na joto. "Amerudi nyumbani. Anakuulizia. Njoo kesho, tuzungumze."

Nilifika nikiwa nimejiandaa kufukuzwa ana kwa ana. Bibi mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, amekonda, binti yake nyuma yake amekunja mikono. Sikunyoosha mkono. Nilivuka kizingiti kwanza, nikafunga mlango, ndipo nikampa. Aliushika kwa ule wa kulia, akaubana mpaka nikasikia vidole vyake. Kisha akasema sentensi ndefu, akanitazama usoni, akangoja.

Tak ilikuwa tayari mdomoni mwangu. Niliisikia ikisukuma meno. Nilimwogopa bibi yule, nilimwogopa binti yake, niliona aibu mbele ya kila mzee aliyewahi kunilea.

"*Nie rozumiem*," nikasema. Sielewi. "*Przepraszam, nie rozumiem*." Samahani, sielewi.

Bibi macho yakamjaa machozi, nikajua nimemvunjia heshima mbele ya mwanawe.

"*Nareszcie*," akasema.

Nikamgeukia binti yake, naye alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Amesema hatimaye," akaniambia. "Ameniambia hospitali kwamba alijua humwelewi. Alikuwa anajua muda wote."

Bibi hakuuachia mkono wangu. Akaanza upya ile sentensi, neno moja moja, kwa sauti ya juu kama mtu anayefundisha mtoto, na kila mwisho wa neno akiuminya mkono wangu ili niusikie.