Vitufe Vyeusi vya Karani wa Usharika

Tulikuwa wanne. Mimi, mume wangu aliyekuwa karani wa usharika wetu pale Mlandege, mchungaji, ambaye ndiye aliyemwajiri, na fundi wa taipureta kutoka Mbeya, Mngoni, mtani wetu sisi Wahehe. Majina yao yote ninayo kichwani, hata la kuku aliyechinjwa siku ile. Siyaandiki kwa sababu wajukuu zao wapo.

Mume wangu macho yalikuwa yameingia ukungu. Hakupata kufundishwa kupiga taipu; alijifunza mwenyewe kwa vidole viwili, akitazama kila herufi. Na herufi zenyewe zilikuwa ndogo, zimefifia chini ya vioo vya mviringo vya vitufe. Alisema, "Mama watoto, vidole vinajua mtaa, havijui nyumba." Barua mbili zilikuwa zimetoka zikiwa na makosa, wazee wa baraza wakacheka. Mchungaji hakucheka. Alimwambia taratibu kwamba ya tatu ikiharibika, kazi atapewa binti aliyetoka shule. Barua ya tatu ilitakiwa Jumamosi.

Nilianza mimi. Nilibandika plasta nyeupe ya zahanati juu ya kila kitufe, nikaandika herufi kubwa kwa wino mweusi. Jua lilipoingia dirishani akafumba macho. "Naona unga uliomwagika," akasema. Wino nao ukaloana kwa jasho, vidole vikawa vyeusi.

Alhamisi yule mtani akapita akirudi Mbeya, njiani atengeneze mashine Rujewa.

"Kamwene!" akatusalimu kwa Kihehe chetu. "Nasikia Mhehe kashindwa na herufi. Si mlisema ninyi mashujaa?"

"Kaa chini, mkimbizi wa vita," nikamjibu. "Mtengenezee mwenzio."

"Nipe kuku kwanza."

Mtani hanyimwi. Kuku akachinjwa. Alipokwisha kula akamtazama mume wangu machoni, akasema jicho la namna hii weupe mwingi unalichoma. Chini pawe peusi, herufi iwe nyeupe, nene, moja tu, ijaze kitufe. Akabandua plasta zangu, akanionyesha: unafungua pete ya chuma kwa koleo ndogo, unatoa kioo, chini yake kuna kikaratasi chenye herufi. Unaweka kipya, unarudisha kioo, unabana pete.

"Kimoja kimoja, shemeji. Toa, weka, bana. Na usibane mara mbili, pete itavunjika."

Akaniachia koleo, akawahi basi.

Nilikata vikaratasi kwenye karatasi nyeusi ya kufungia filamu, niliyopewa na mpiga picha wa sokoni. Nikachora kwa rangi nyeupe ya mafuta na njiti ya kiberiti. Sasa rangi ilihitaji muda wa kukauka. Nikaona kimoja kimoja tutakesha. Nikafungua vyote ishirini na sita kwa pamoja, vikaratasi vya zamani nikavitia motoni, vipya nikavianika kwenye ungo. Ijumaa nikavirudisha kama tulivyofundishwa kisomo cha watu wazima: A, B, C, kutoka kushoto kwenda kulia. Nilidhani herufi zina foleni yake, basi.

Mume wangu akakaa. Akacheka kwa furaha. "Naziona! Zote naziona!" Akapiga barua nzima, tena haraka, akanipa niisome.

Nilikuwa nasoma polepole siku zile. Nikadhani ni mimi nisiyejua. Halikuwamo neno hata moja.

"Nilishangaa," akasema. "Vidole vinakwenda huku, macho yanasema huko. Nikayaamini macho, maana leo yanaona."

Nikaelewa. Kikaratasi ni sura tu. Mkono wa chuma ulio chini haujui nimeandika nini, unapiga herufi yake ya siku zote. Na vya zamani vilikuwa majivu.

Tukaanza upya, nimechoka mpaka mgongo. Yeye anabonyeza kitufe, mimi nasoma kilichotoka kwenye karatasi, tunaandika orodha. Kisha nikafungua pete zote tena. Sita zilivunjika. Hizo herufi nikazigandisha kwa gundi bila kioo.

Jumamosi mchungaji alikuja wakati barua ingali ndani ya mashine. Akaisoma akiwa amesimama. Akavitazama vitufe, akabonyeza kimoja kwa kidole.

"Nani kafanya hivi?"

"Mke wangu."

"Basi na asome kila barua kabla haijatoka."

Kazi ikabaki. Ila tangu siku hiyo nikatoka shamba nikasoma barua, nikapika nikasoma barua, na zile herufi sita zisizo na kioo nikazichora upya kila zilipolika, mpaka ukungu ulipofunga kabisa na binti wa shule akakalia kiti.

Pete zilizovunjika nimesema sita. Pengine zilikuwa saba. Yule binti sasa naye ni bibi; kama aliziona, anisahihishe.